Kutuma Si Kukatwa

Mhudumu mmoja wa hoteli Nairobi, tumwite Zawadi, hulipwa 18,000 kwa M-Pesa mwisho wa mwezi. Amejipangia mambo yake vizuri. Tarehe 1 kodi ya nyumba, 9,000, iende kwa mwenye nyumba. Tarehe 2 mama yake kijijini apate 3,000. Tarehe 5 shule ya mtoto ipokee 5,000. Jumla ni 17,000, na inabaki elfu moja ya kulipia ada za kutuma na vitu vidogo. Yote matatu ameyapanga kwenye M-Pesa Ratiba, huduma ambayo Safaricom iliizindua mwaka 2024, na haamki tena usiku kujiuliza kama amesahau kodi.

Hata hivyo tarehe 5 shule haikupata kitu. Zawadi hakukosea nambari wala tarehe. Alichosahau ni kwamba katikati ya mwezi alitumia Fuliza, na deni pamoja na ada zake lilikuwa limefika 2,650. Mshahara ulipoingia tu, deni lile likakatwa kabla hajausoma ujumbe wenyewe. Zikabaki 15,350. Kodi ikaenda, mama akapata chake, ikabaki 3,350 ambayo ada za kutuma nazo zilikuwa zimeshaimega. Elfu tano ya shule ingetoka wapi?

Hapo ndipo tofauti yenyewe ilipo. Ratiba ni wewe unayetuma, ila umetoa amri mapema. Ulichagua anayelipwa, kiasi, tarehe ya kwanza, ya mwisho, na kama ni kila siku, kila wiki au kila mwezi, kisha ukathibitisha kwa nambari yako ya siri. Makato ya moja kwa moja ni mwingine anayekuja kuchukua, kwa ruhusa uliyompa siku uliyokubali masharti yake. Fuliza hufanya hivyo tangu ilipoanza mwaka 2019: kila fedha inayoingia hulipa deni kwanza. Haingoji tarehe, inangoja fedha. Ratiba nayo inangoja tarehe, haijui mshahara umefika au bado. Ndiyo maana makato humtangulia mpangaji karibu kila mara, na mshahara ukichelewa siku tatu ni ratiba inayogonga mwamba.

Kiasi nacho kina mwenyewe. Mwenye nyumba akipandisha kodi hadi 10,000, ratiba ya Zawadi itaendelea kutuma 9,000 kwa uaminifu ule ule, na baada ya miezi mitatu atadaiwa 3,000 bila kujua. Hakuna anayeweza kuibadilisha isipokuwa yeye. Katika makato, anayedai ndiye huleta hesabu. Benki ikikukata mkopo, riba ikipanda, kiasi kinaweza kupanda bila wewe kugusa simu. Binafsi naona kodi, chama na fedha za wazazi ni vya ratiba, kwa sababu kiasi chake unakijua. Bili inayobadilika kila mwezi haipangiki vizuri hivyo: utalipa pungufu au utalipa zaidi.

Ratiba ina hatari yake pia, nayo ni kurudia kosa. Ukikosea nambari wakati wa kutuma kawaida, umepoteza mara moja, na unaweza kupeleka ule ujumbe kwa 456 kuomba fedha zirudishwe. Ukikosea nambari kwenye ratiba, utamtumia mgeni kila mwezi, na kurudishiwa malipo ya kwanza hakufuti yanayofuata. Kwa hiyo jina linapotokea kabla ya kuthibitisha, lisome hadi mwisho. Na deni likiisha kabla ya tarehe ya mwisho uliyoiweka, ratiba haina habari. Itaendelea kulipa.

Kusimamisha ndiko watu huchanganya zaidi. Ratiba unaifuta mwenyewe, ama kwenye programu ama kwa *334#. Kuiondoa programu kwenye simu hakusaidii, maana amri haikai kwenye simu yako, iko kwenye mitambo ya kampuni. Makato ya benki huondoka ukiiandikia benki kuwa umeondoa idhini, na ukimwarifu anayekukata, vinginevyo ataleta dai lingine. Tena kuondoa idhini hakufuti deni: kunafunga mlango mmoja tu wa kulilipa. Fuliza haina hata barua hiyo. Njia ni kulipa.

Zawadi angefanya nini? Angetoa kwanza deni la Fuliza kwenye 18,000, ndipo agawe kilichobaki, halafu aisogeze kodi hadi tarehe 3 ili mshahara uwe umeshafika. Wewe msomaji, kabla mshahara wa mwezi huu haujaingia, fungua orodha ya ratiba zako na uulize kila moja mambo matatu: inamlipa nani, kiasi gani, na itakoma lini. Kisha andika pembeni nani mwingine ana ruhusa ya kukukata.