Lebo za Bidhaa kama Ushahidi wa Mahali pa Picha

Picha ya duka inapokosa maelezo, mtazamaji huitegemea kwanza lugha ya vifungashio. Hata hivyo, Kiswahili peke yake hakiitenganishi Mombasa na Tanga. Msimbopau nao hupotosha: tarakimu za mwanzo 616 zaonyesha kwamba namba ilitolewa na tawi la GS1 la Kenya, na 620 la Tanzania, hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi wala inauzwa wapi. Maneno “Imetengenezwa Kenya” hutaja kiwanda tu.

Tuchukue mfano wa rafu yenye majani ya chai ya 616, yaliyotengenezwa Kenya, pamoja na maziwa ya 620 yenye nembo ya TBS. Chai hukaa miezi mingi na kusafiri mbali, haithibitishi lolote. Maziwa yasiyo ya kudumu huharibika upesi, hivyo huuzwa karibu na yalikotoka. Basi duka hilo laelekea kuwa Tanzania. Lakini mpakani, kama Namanga, hata maziwa yaweza kuvuka. Hapo bei ndiyo hukata shauri: nusu lita kwa makumi ya shilingi ni Kenya, kwa maelfu, ni Tanzania.