Oda Imekwama, na Deni Halijafika Ukomo

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi Mbagala linalochukua saruji kwa mali kauli kutoka kwa msambazaji. Ukomo wake wa mkopo ni shilingi milioni 20 na ankara ambazo hazijalipwa ni milioni 9. Mwenye duka anaomba bei ya mifuko 400, anaambiwa 15,000 kwa mfuko kabla ya VAT, anakubali. Mpaka hapo hakuna anayegusa ukomo wake, maana kupewa bei si kudaiwa. Bei ikigeuka oda ndipo mfumo unapopiga hesabu, na oda inazuiwa.

Mwenye duka anapandisha sauti kwenye simu: si amebakiwa na milioni 11? Kwa daftari lake, ndiyo. Lakini juzi alishushiwa mifuko 300, dereva hajarudisha hati ya mzigo yenye sahihi, kwa hiyo mhasibu hajatoa ankara. Mzigo huo, pamoja na VAT ya asilimia 18, ni 5,310,000. Oda mpya ni 7,080,000. Ukijumlisha na zile milioni 9 unapata 21,390,000. Mfumo unahesabu kila kilichotoka stoo na kila oda iliyopokelewa, sio ankara peke yake. Ndiyo maana ujanja wa maofisa mauzo wa kuigawa oda kubwa vipandevipande hausaidii kitu: vipande vyote vinajumlishwa.

Kuna jingine, na kwa maoni yangu ndilo linaloudhi zaidi. Ijumaa mteja aliweka milioni 3 benki bila kuandika jina la duka wala namba ya ankara. Fedha ipo, ila imekaa kwenye akaunti ya malipo yasiyojulikana ni ya nani, na deni linasomeka vilevile. Akituma picha ya hati ya benki, mhasibu ataoanisha malipo na ankara, jumla itashuka hadi 18,390,000 na oda itapita bila kumpigia magoti meneja. Kuongeza ukomo, ambako ndiko wengi hukimbilia, hakukuhitajika.

Tofauti ni pale ankara ya zamani inapokuwa imepitiliza siku zake. Kampuni nyingi huzuia oda kwa sababu hiyo hata kama nafasi ya mkopo ingali tele, na kuoanisha malipo mengine hakufungui kitu mpaka ankara ile yenyewe ilipwe, au ofisa mikopo airuhusu oda kwa idhini yake. Ofisa mauzo hapewi ruhusa hiyo, kwani kamisheni yake inatokana na mauzo.

Ukaguzi ukiachwa hadi wakati wa kupakia, lori husubiri getini huku simu zikipigwa. Ukifanyika oda inapoingia tu, deni linaweza kukua kabla mzigo haujatoka. Kwa hiyo wenye uzoefu hukagua mara mbili.