Cheti Kinapomtambulisha Hodari, na Kinaposhindwa

Mwajiri anayepokea barua za maombi ya kazi hajui nani ni hodari na nani ni wa kawaida. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alionyesha jinsi cheti kinavyoweza kumfumbua macho, hata kama masomo yenyewe hayamwongezei mtu ujuzi wowote. Shule hufundisha, bila shaka; Spence aliliweka hilo kando makusudi ili kazi nyingine ya cheti ionekane. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz.

Tupige hesabu. Katika muda wote wa mkataba, hodari anaiingizia kampuni shilingi milioni 20 na wa kawaida milioni 10. Mwaka mmoja wa masomo unamgharimu hodari milioni 2, lakini wa kawaida milioni 4, kwa sababu hulipia tuisheni na kurudia mitihani. Mwajiri anatangaza kwamba mwenye cheti cha miaka 3 atalipwa milioni 20, na asiye nacho milioni 10.

Wa kawaida akisoma atatumia milioni 12 ili aongezewe 10, anaacha. Hodari atatumia 6 na kubaki na 14, anasoma. Kila kundi limejipanga lenyewe, na mwajiri anaona alikisia sawa. Hali hii wachumi huiita msawazo wa utengano. Miaka ikiwa 2, wa kawaida naye atasoma. Ikiwa 6, hata hodari ataacha.

Utengano huo una gharama. Tuseme makundi yanalingana kwa idadi. Vyeti visingekuwepo, kila mtu angelipwa wastani wa milioni 15, yaani zaidi ya zile 14 zinazombakia hodari. Lakini hodari hawezi kuacha shule peke yake, kwani asiye na cheti huhesabiwa wa kawaida.

Nguzo ya mpango mzima ni ile tofauti ya gharama. Cheti cha kughushi kikiuzwa milioni 1 na mnunuzi asikamatwe, wa kawaida anabaki na 19, na wote watakinunua. Mwajiri sasa hawezi kuwatofautisha, kwa hiyo analipa wastani wa 15. Hodari aliyesoma kihalali anabaki na 9, chini ya 10 za asiyesoma kabisa. Hapo ndipo uaminifu unapokuwa hasara.

Tanzania ililiona tatizo hili mwaka 2017, uhakiki ulipobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Mwajiri anayejibu udanganyifu kwa kudai shahada badala ya stashahada anamtwisha mzigo msomaji wa kweli, wakati mghushi anabadilisha karatasi tu. Dawa ni kuhakiki kila cheti kwa taasisi iliyokitoa kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu uhakiki humpandishia gharama mghushi peke yake.