Visanduku vya njano

Jedwali la mvua lililochapwa kwa taipureta miaka mingi iliyopita linapopigwa skani, kompyuta huliona kama picha tu. Ili tarakimu zake ziweze kujumlishwa, inahitajika programu ya kusoma maandishi kwenye picha. Mojawapo ni Tesseract, ambayo hutumika bure tangu 2005. Pamoja na kila neno inalosoma, hutoa alama kati ya 0 na 100 ya kuonyesha ina uhakika kiasi gani. Alama hizo hupatikana kwa amri hii:

```
tesseract ukurasa.png mvua --psm 6 tsv
```

Faili la `mvua.tsv` huwa na safu iitwayo `conf`, na humo ndimo zilimo alama. Ukikuta `-1`, hiyo ni mistari ya mpangilio wa ukurasa, haina neno, basi iruke.

Kazi inayofuata ni kukipa kila kisanduku cha jedwali alama yake. Tuseme jina la kituo limesomwa "Dar es Salaarn", herufi m ikageuka r na n. "Dar" imepata 96, "es" 95, na neno lililoharibika 38. Wastani wake ni 76, na kama umeamua kupaka njano visanduku vilivyo chini ya 70, kosa hili litapita. Kwa hiyo chukua alama ya chini kabisa, yaani 38, na kisanduku kitapakwa rangi.

Hiyo 70 nayo isichaguliwe kwa kubahatisha. Kagua kwa macho kurasa chache, kila kisanduku, kisha utazame makosa yamelala kwenye alama zipi. Ukiweka mpaka juu mno, jedwali zima litakuwa njano na mkaguzi atachoka, aanze kupitisha bila kutazama. Mkaguzi naye aonyeshwe kipande cha picha kando ya maandishi yaliyosomwa, asilazimike kuutafuta mstari kwenye ukurasa mzima.

Hata hivyo, alama ya 90 haimaanishi kwamba maneno 90 kati ya 100 ni sahihi. Programu inaweza kukosea huku ikijiamini kabisa, hasa kwenye tarakimu, kwani tofauti na neno, tarakimu moja ikibadilika bado namba inabaki namba. Chukua milimita za Machi, Aprili na Mei: 138, 254 na 191, zote zikiwa na alama zaidi ya 90. Jumla iliyochapwa ni 589, lakini ukizijumlisha unapata 583. Zimepungua 6, na hiyo ndiyo tofauti ya 1 na 7. Mkaguzi akitazama picha ataona Mei ilikuwa 197. Hivyo mstari wowote usiolingana na jumla yake upakwe njano wote, hata alama zikiwa nzuri.

Vivyo hivyo kisanduku kilichobaki kitupu. Neno lisiloonwa na programu halina alama yoyote, na nukta hafifu ya wino huenda ilikuwa sifuri.