FSH 41 haimaanishi hedhi imekoma

Chukua mwanamke wa miaka 44 ambaye kwa miaka mingi hedhi yake ilikuja kila baada ya siku 28. Mwaka jana mzunguko ulifupika hadi siku 23 au 24, kisha miezi ikaanza kurukwa, na sasa zimepita siku 80 hajaona kitu. Usiku anaamka shuka limelowa jasho. Kipimo cha mkojo kimeonyesha hana mimba. Anatolewa damu, na karatasi ya maabara inarudi na FSH 41 mIU/mL na estradioli 18 pg/mL. Pembeni pamechapwa kiwango cha wanawake waliokoma hedhi, nacho kinaanzia kwenye ishirini na kitu. Anayeisoma karatasi hiyo kwa haraka atamwambia mama huyu kwamba uzazi wake umefika mwisho. Nasema karatasi hiyo haina uwezo wa kutoa hukumu hiyo, na kuichukulia kama hukumu kunaweza kumwingiza mtu kwenye mimba asiyoitarajia, au kumfichia ugonjwa unaotibika.

Tuanze na jinsi namba hizo zinavyopatikana. FSH hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuchochea vifuko vya mayai vikue ndani ya ovari. Vifuko vinavyokua hutengeneza estradioli pamoja na homoni nyingine iitwayo inhibini B, na zote mbili hurudi kwa njia ya damu kuiambia pituitari ipunguze kasi. Mwanamke anapoingia miaka ya arobaini, vifuko vilivyobaki ni vichache, na kinachoshuka kwanza ni inhibini B. Pituitari ikikosa kizuizi hicho huongeza FSH, kama mtu anayepaza sauti kwa sababu aliyemwita amechelewa kuitika. Lakini kuchelewa kuitika si kutokuwepo. FSH nyingi mara nyingine huvisukuma vifuko vilivyobaki hata estradioli ikapanda kuliko ilivyokuwa ujanani, ndiyo maana kipindi hiki kinaweza kuwa na matiti yanayouma na hedhi nzito, kisha baada ya wiki chache joto la ghafla na jasho. Homoni hizi hazishuki polepole kwa mstari mmoja. Zinapanda na kuporomoka mwezi hadi mwezi.

Sasa turudi kwa mama yetu. Tuseme amepimwa tena baada ya wiki sita, safari hii FSH ni 7 na estradioli 130, na projesteroni imepanda kiasi cha kuonyesha kwamba yai limetoka. Siku kumi baadaye anapata hedhi. Mtu anaweza kudhani maabara ilikosea mara ya kwanza, lakini hapakuwa na kosa. Siku ile ovari ilikuwa imenyamaza kweli, na baadaye kifuko kimoja kikaitika. Wataalamu waliokutana mwaka 2011 kupanga hatua za kuzeeka kwa ovari walilizingatia jambo hili: pengo la siku 60 au zaidi bila hedhi, pamoja na FSH iliyozidi 25, waliviweka kuwa alama za hatua ya mwisho ya mpito, hatua ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa hiyo namba ile ile inayosomwa kama tangazo la ukomo ndiyo inayotambulisha kwamba safari bado inaendelea.

Kuna atakayeuliza: kama ni hivyo, kupima kuna faida gani? Faida ipo, mradi namba mbili zisomwe pamoja, kwa sababu kila moja huibadilishia nyingine maana. Estradioli ikiwa juu huishusha FSH, kwa hiyo FSH ya 8 iliyochukuliwa siku ambayo estradioli ni 200 haimhakikishii mtu kwamba ovari zake bado zina akiba nzuri. Ndiyo maana kwa mwanamke anayepata hedhi damu huchukuliwa siku ya 2 hadi ya 5. Hali inayonitia wasiwasi zaidi ni pale zote mbili zinapokuwa chini, tuseme FSH 3 na estradioli 12. Huo si ukomo wa hedhi hata kidogo. Ovari ikichoka, FSH hupanda. Ikibaki chini wakati estradioli haipo, tatizo liko juu, kwenye ubongo au pituitari. Huenda mwanamke amekonda sana. Huenda prolaktini imepanda kwa sababu ya uvimbe kwenye tezi, au kwa dawa kama metoklopramidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Huenda pia alivuja damu nyingi mno alipojifungua miaka ya nyuma, pituitari ikaharibika, na tangu hapo akakosa maziwa, hedhi na nguvu. Mwanamke huyu akiambiwa ni umri tu, anarudishwa nyumbani na ugonjwa wake.

Namba pia huharibiwa na vitu ambavyo mtu hakumbuki kuvitaja. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hushusha FSH, kwa hiyo kipimo kilichofanywa wakati anavitumia hakimsaidii. Sindano ya miezi mitatu inaweza kusimamisha hedhi yenyewe, na hedhi ikachukua miezi mingi kurudi baada ya kuiacha. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huvuruga baadhi ya mashine za maabara, FSH ikaonekana ndogo na estradioli kubwa kuliko ilivyo, kinyume kabisa cha ukweli kwa aliyekoma. Tazama pia kizio kilichoandikwa: estradioli ya 30 pg/mL ni sawa na takriban 110 pmol/L, na mtu anayelinganisha karatasi za maabara mbili bila kuangalia hapo atashtuka bure.

Wengine watasema basi apimwe mara nyingi zaidi mpaka jibu litulie. Kwa aliyevuka miaka 45 na kuonyesha dalili za kawaida, hiyo ni fedha inayopotea. Kinachothibitisha ukomo ni miezi 12 mfululizo bila hedhi, kama hatumii homoni na hakuna sababu nyingine; kalenda inajibu vizuri kuliko damu. Kati ya miaka 40 na 45 vipimo husaidia, vikiwamo vya mimba, prolaktini na tezi ya shingo. Chini ya 40 mambo hubadilika kabisa: hapo FSH iliyo juu inahitaji kufuatiliwa kwa makini, kwa sababu ovari kuchoka mapema hudhoofisha mifupa na moyo, na matibabu ya homoni kwa kawaida huhitajika.

Mama wa miaka 44, basi, hajakoma. Anaweza kutibiwa jasho na kukosa usingizi sasa hivi bila kusubiri ukomo uthibitishwe, na kama hataki mimba aendelee na kinga. Ushauri unaotumika Uingereza ni kwamba anayepata hedhi ya mwisho kabla ya kufikisha miaka 50 ajikinge kwa miaka 2 baada ya hapo, na aliyefikisha 50 kwa mwaka 1. Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 kutimia, hata tone, isihesabiwe kuwa hedhi iliyorudi: aende akachunguzwe mji wa mimba.