Kuhakiki Rasimu ya Mkataba Kabla ya Kutia Saini: Namba, Marejeo na Tafsiri ya Maneno

Mkulima wa alizeti anayeuza mavuno yake kwa mkataba huletewa rasimu yenye kurasa nyingi, aghalabu siku chache kabla ya kutia saini. Wengi husoma bei na tarehe ya malipo, kisha hufungua ukurasa wa mwisho. Lakini bei na tarehe hizo huenda zisisimame peke yake. Bei hutegemea maana ya neno “gunia” iliyotolewa ukurasa wa kwanza, na fidia ya kucheleweshewa malipo hutegemea namba ya kifungu kingine. Kiungo kimoja kikikatika, haki iliyoandikwa ukurasa mmoja hupotea ukurasa mwingine.

Makosa ya namna hii si lazima yatokane na nia mbaya. Rasimu ndefu hupitia mikono mingi: kifungu kimoja huongezwa, kingine hufutwa, na jedwali hunakiliwa kutoka mkataba wa msimu uliopita. Kila badiliko husogeza namba, na namba zilizotajwa ndani ya vifungu vingine hubaki zilivyokuwa. Kwa sababu hiyo, uhakiki unaoelezwa hapa hufanywa baada ya mabadiliko yote kukubaliwa, na hurudiwa endapo neno lolote litabadilishwa tena.

Mfano utakaotumika katika makala haya ni rasimu ya kubuni ya kurasa 18, baina ya kikundi cha wakulima wa alizeti na mwenye kiwanda cha kukamua mafuta. Katika rasimu hiyo wanaitwa “Kikundi” na “Mnunuzi”. Mhakiki anahitaji daftari, kalamu na msomaji wa pili.

Hatua ya kwanza: namba

Mhakiki hupitia rasimu tangu mwanzo hadi mwisho bila kusoma maudhui. Huandika katika daftari namba ya kila kifungu, kifungu kidogo na jedwali, pamoja na kichwa chake, kama zilivyo kwenye karatasi. Hasahihishi chochote kwa wakati huo, kwa kuwa namba ikibadilishwa mapema, marejeo yote yanayoitaja huharibika kabla hayajakaguliwa.

Katika mfano wetu, orodha inaonesha kasoro tatu. Kuna vifungu viwili vyenye namba 6.3. Baada ya kifungu cha 12 kinafuata cha 14. Na jedwali la bei, ambalo juu yake limeandikwa “Jedwali la Pili”, linaitwa “Kiambatisho B” katika kifungu cha 8.

Kasoro ya tatu hurekebishwa kwa kuchagua jina moja. Namba iliyojirudia ina uzito zaidi. Kifungu cha kwanza cha 6.3 kinahusu mkopo wa mbegu, na cha pili kinahusu gharama ya magunia matupu ya sandarusi. Kifungu cha 10.4 kinampa Mnunuzi ruhusa ya kukata katika malipo “kiasi kilichotajwa katika kifungu cha 6.3”. Je, anakata mkopo wa mbegu, gharama ya magunia, au vyote viwili? Rasimu haijibu.

Namba iliyorukwa nayo isipuuzwe kana kwamba ni kosa la mchapaji tu. Pengo kati ya 12 na 14 huweza kumaanisha kwamba kifungu kizima kimeondolewa. Swali la kumuuliza mwandaaji wa rasimu ni fupi: kifungu cha 13 kilisema nini, na nani aliomba kifutwe? Rasimu za awali zikiwa zimehifadhiwa, jibu hupatikana kwa kuzilinganisha. Ndiyo maana kikundi hupaswa kutunza kila toleo kinachopewa, likiwa na tarehe ya kupokelewa.

Hatua ya pili: marejeo

Rejeo ni mahali ambapo kifungu kimoja humpeleka msomaji kwenye kingine. Mhakiki huyatafuta yote na kuyaandika katika safu tatu: mahali rejeo lilipo, mahali linapoelekeza, na kile kinachotarajiwa kukutwa huko. Msomaji wa pili hufungua kifungu kilicholengwa na kukisoma kwa sauti. Haitoshi kuthibitisha kwamba namba hiyo ipo. Sharti ithibitishwe kwamba kilichomo ndicho kinachohitajika.

Kifungu cha 11 cha mfano wetu kinasema kwamba Mnunuzi asipolipa “ndani ya muda uliotajwa katika kifungu cha 9.2”, ataongeza asilimia 2 ya deni kwa kila mwezi wa kuchelewa. Kifungu cha 9.2 kipo. Kikisomwa, kinasema: “Mzani utahakikiwa mbele ya wawakilishi wa pande zote mbili kabla ya upimaji kuanza.” Hakuna muda wowote ndani yake. Muda wa malipo, yaani siku 14, umo katika kifungu cha 10.2.

Sababu yake inajulikana kwa kuangalia orodha ya namba. Kifungu cha 5 kuhusu usafiri kiliongezwa baadaye, hivyo Malipo yakahama kutoka namba 9 kwenda 10. Mchapaji alibadilisha vichwa, lakini namba iliyomo ndani ya sentensi ya kifungu cha 11 ilibaki. Kosa moja la aina hii likionekana, marejeo yote yanayolenga vifungu vilivyo baada ya kile kilichoongezwa hutiliwa shaka, kwani huenda yote yamepungua kwa namba moja.

Yapo pia marejeo yasiyo na namba, kama vile “kama ilivyoelezwa hapo juu” au “kwa utaratibu uliowekwa katika mkataba huu”. Haya ndiyo hupita bila kuonekana. Kifungu cha 15 kinataka kila mgogoro upelekwe kwanza kwenye usuluhishi “kwa utaratibu uliowekwa katika mkataba huu”. Mhakiki anatafuta utaratibu huo katika kurasa zote 18 bila kuupata. Hapo pengo la kifungu cha 13 linaanza kueleweka: yaelekea utaratibu wa usuluhishi ndio ulioondolewa, na wajibu wa kuufuata ukabaki.

Iwapo rasimu imeandaliwa kwa kompyuta yenye marejeo yanayojisahihisha, rejeo lililopoteza kifungu chake huweza kuchapishwa kwa maneno haya: “Error! Reference source not found.” Maneno hayo yakionekana kwenye karatasi, rasimu haiko tayari kutiwa saini.

Hatua ya tatu: maneno yaliyotolewa tafsiri

Kifungu cha 1 hutoa maana maalumu ya baadhi ya maneno, nayo huandikwa kwa herufi kubwa kila yanapotumika kwa maana hiyo. Mhakiki huorodhesha maneno hayo na kujiuliza mambo mawili. Je, kila neno lenye tafsiri limetumika vilevile kote? Na je, lipo neno linalobeba wajibu au fedha ambalo halikutolewa tafsiri?

Katika mfano wetu, “Gunia” ni gunia lenye kilo 65 za alizeti iliyokauka na kupepetwa. Lakini Jedwali la Pili linataja bei ya kila “mfuko”, neno ambalo halimo katika kifungu cha 1. Mnunuzi akidai kwamba mfuko ni kilo 70, kikundi kinachopeleka mifuko 200 kitatoa kilo 1,000 zaidi kwa fedha zilezile. Hayo ni zaidi ya Magunia 15 yasiyolipiwa, kwa sababu ya neno moja.

Tofauti nyingine imo katika tarehe. Kifungu cha 1 kinasema “Siku ya Makabidhiano” ni siku ambayo Mnunuzi anapima mzigo katika ghala la Kikundi na kusaini hati ya mapokezi. Kifungu cha 10.2 hakitumii maneno hayo. Kinahesabu siku 14 tangu “siku ya kupokelewa mzigo kiwandani”. Mzigo ukipimwa tarehe 5 Julai na kufika kiwandani tarehe 30 Julai, malipo yanahama kutoka tarehe 19 Julai hadi tarehe 13 Agosti. Lori ni la Mnunuzi, hivyo ndiye anayeamua siku hizo zitakuwa ngapi.

Anayetafuta maneno kwa simu au kompyuta akumbuke kwamba Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno. Ukitafuta “Mkulima”, hutaoneshwa mahali palipoandikwa “Wakulima”. Hutafutwa sehemu isiyobadilika, yaani “kulima”, ingawa kitenzi “kulima” nacho kitajitokeza. Kwa “Mnunuzi” hutafutwa “nunuzi”.

Kurekebisha na kutia saini

Kasoro zote hukusanywa katika karatasi moja, kila moja ikiwa na namba ya ukurasa, maneno yaliyopo na marekebisho yanayopendekezwa. Karatasi hiyo hupelekwa kwa upande wa pili, na rasimu safi huchapishwa upya. Kisha hatua ya namba na ya marejeo hurudiwa. Ikilazimu kusahihisha kwa kalamu, pande zote mbili huweka saini fupi kando ya kila sahihisho na katika nakala zote. Baada ya saini za mwisho, badiliko hufanywa kwa nyongeza ya mkataba iliyokubaliwa na pande zote, wala si kwa upande mmoja kukata mstari.

Kusubiri kwamba mahakama itanyoosha mambo ni gharama. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinabatilisha makubaliano ambayo maana yake haina uhakika wala haiwezi kufanywa kuwa na uhakika. Na pale ambapo mkataba umeandikwa, kwa kawaida mahakama huanza na maandishi. Ahadi ya mdomo kwamba “mfuko ni kilo 65 tu” huwa vigumu kuitegemea.

Uhakiki huu una mipaka yake. Hauelezi kama bei ni nzuri au kama masharti ni ya haki. Unaonesha tu kama mkataba unasema jambo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa masharti yenyewe, wakulima wanaweza kutafuta wakili au watoa huduma wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakiwamo wasaidizi wa kisheria. Anayekwenda kuwaona achukue rasimu yote pamoja na majedwali yake, na daftari lenye safu tatu za marejeo.