Sura Ibaki Ile Ile: Picha ya Mtu Inapogeuzwa Mchoro

Mwaka 2015 watafiti watatu wa Tübingen, Ujerumani, Leon Gatys na wenzake Alexander Ecker na Matthias Bethge, walichukua picha ya nyumba zilizo kando ya Mto Neckar wakaiagiza kompyuta iichore kwa mtindo wa Vincent van Gogh. Mawingu yakajikunja, kuta zikajaa michirizi ya brashi, na bado kila aliyeujua mji ule alizitambua zile nyumba.

Nyumba huvumilia. Paa likipinda kidogo, ni paa bado. Uso wa mtu hauna subira hiyo: jicho likisogea upana wa unywele tu, au nyusi zikipanda kidogo, anayetazama anaanza kusema “amefanana naye”, na neno “amefanana” maana yake ni kwamba si yeye. Ndiyo sababu wengi wanaojaribu kugeuza picha ya mzazi au ya bibi harusi kuwa mchoro wa rangi ya mafuta hupata kazi ya kupendeza yenye sura ya mtu wasiyemjua.

Programu mojawapo inayotumika kwa kazi hii ni Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma mwaka 2022. Haipaki rangi juu ya picha. Kwanza huimwagia picha chenga, kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua huku ikiongozwa na maelezo iliyoandikiwa. Penye chenga nyingi, picha ya asili imefutika, na programu inalazimika kubuni. Kiasi cha chenga huamuliwa na kipimo kinachosomeka kwenye skrini kama `Denoising strength`, kinachoanzia 0 hadi 1. Kwenye 0 picha inarudi karibu kama ilivyokuwa. Kwenye 1 mwenye picha ametoweka.

Tuchukue mfano. Kuna picha ya bibi mzee amesimama uani, amejitanda kanga. Ana mwanya, na kovu dogo limekata unyusi wake wa kushoto. Familia inataka mchoro wa kutundika sebuleni.

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kugusa kipimo, nalo ni kuingiza picha nzima, miguu na ua vikiwemo. Matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion yalifundishwa kwa picha za pikseli 512 kwa 512, na ndani ya programu picha kama hiyo hukunjwa ikawa gridi ya vyumba 64 kwa 64. Kila chumba hubeba pikseli 8 kwenda upande na 8 kwenda chini. Ikiwa uso wa bibi una upana wa pikseli 80 tu, basi macho, pua, mwanya na kovu vyote vimebanwa katika vyumba kumi vya upana. Hapo hakuna maneno yatakayomwokoa. Picha ikikatwa kuanzia kifuani kwenda juu, uso ukafikia pikseli 300, vyumba vinakuwa zaidi ya 37, na kovu linapata mahali pa kukaa.

Kisha yanakuja maelezo, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza kwa kuwa modeli ilifundishwa zaidi kwa picha zenye maelezo ya lugha hiyo:

```
oil painting, portrait of an elderly East African woman,
dark brown skin, gap between front teeth,
scar through eyebrow, visible brush strokes
```

Maneno haya yote yana kazi. Modeli imejifunza “mchoro wa rangi ya mafuta” kutoka kwenye michoro mingi ya Ulaya, na ikiachwa peke yake huelekea huko: ngozi inapauka, pua inakonda, makunyanzi yanalainishwa. Mwanya huzibwa na kovu husafishwa, kwa sababu alama ambayo watu wengi hawana huonekana kwake kama uchafu wa picha. Wazee wa Kimakonde wenye chale usoni hupata hasara kubwa zaidi, maana kinachofutwa ndicho kinachowatambulisha. Alama za namna hiyo lazima zitajwe, na hata zikitajwa lazima zikaguliwe.

Sasa kipimo. Namba ya `Seed`, inayoamua mpangilio wa chenga, huachwa ile ile katika kila jaribio, ili kinachobadilika kiwe kimoja tu. Kwenye 0.25 bibi ni yeye kabisa, lakini ile bado ni fotografia iliyochafuliwa kidogo. Kwenye 0.65 rangi imetanda vizuri na mikunjo ya kanga inavutia, ila bibi amekuwa mwanamke mwingine wa umri wake. Mahali pa kufanyia kazi mara nyingi ni kati ya 0.35 na 0.45.

Wanaotaka brashi nzito zaidi huongeza ControlNet, nyongeza iliyotoka mwaka 2023, ambayo huchora mistari ya picha ya asili na kuibana programu iifuate. Kipimo kinaweza kupanda hadi 0.6 bila macho kuhama. Lakini mistari haibebi rangi wala vivuli. Mashavu yaliyobonyea yanaweza kujaa, na weusi wa ngozi ukageuka maji ya kunde, hali mistari yote iko mahali pake.

Njia inayotoa matokeo bora ni kuigawa kazi. Kanga, mikono na ukuta wa nyuma vinaendeshwa kwa 0.6 au zaidi, kisha uso wa asili unarudishwa mahali pake na kupakwa peke yake kwa 0.35, kupitia sehemu iitwayo `Inpaint`, ukichaguliwa mpangilio wa `Only masked` ili uso upate gridi nzima kwa ajili yake. Wachoraji wengi wa mkono nao huwa na brashi huru kwenye nguo na yenye nidhamu kwenye uso, kwa hiyo tofauti hiyo haionekani kuwa kasoro.

Katika ukaguzi, nyusi zitazamwe mapema. Jaribio la mwaka 2003 la Javid Sadr na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, lilionyesha kwamba watu walipata shida zaidi kuwatambua watu mashuhuri nyusi zilipofutwa kuliko macho yalipofutwa. Programu hupenda kuzinyoosha na kuzisawazisha nyusi, na mkaguzi anayeshughulika na macho peke yake haoni kilichoharibika. Zile picha mbili zipandishwe moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, ya juu iwashwe na kuzimwa, na kila kilichohama kitaruka.

Anayekagua pia awe mtu wa nyumbani. Utafiti wa Hadyn Ellis na wenzake wa mwaka 1979 ulionyesha kwamba uso tunaoujua tunautambua zaidi kwa macho, pua na mdomo, wakati uso wa mgeni hatupati nafuu hiyo. Fundi ambaye hajawahi kumwona bibi ataridhishwa na kanga, mkao na umbo la kichwa. Binti yake ataangalia katikati ya uso na kujua papo hapo.

Mitindo mingine inabana zaidi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya kung'aa iliyolala bapa, isiyo na kivuli, ndani ya mistari iliyo wazi. Uso ukipelekwa huko, mashavu na paji la uso hupoteza umbo lote lililobebwa na mwanga. Mfanano unabaki kwenye mstari wa taya, nyusi, mwanya na lile kovu, na programu ikiachiwa huru itavichora vyote kwa kawaida ya mtindo. Hapo fundi huchora mistari hiyo kwa mkono wake juu ya fotografia kwanza, kisha huikabidhi kwa ControlNet, na kompyuta inabaki na kazi ya kujaza rangi.